Dawati la simu: tunahitaji watu wangapi? Hesabu za Jumatatu za bili

Bosi habari za kazi. Uliniambia nikuletee hesabu kabla ya kikao cha bajeti maana wenzetu wa uhasibu wanasema dawati la simu lina watu wengi kuliko kazi. Nimechukua data za mtambo wa simu za Jumatatu zile zinazofuata baada ya bili za maji kutumwa, ndio siku nzito kuliko zote, na hizi namba hapa chini ni wastani wa Jumatatu hizo.

Hesabu ya uhasibu ni hii: simu 320 kwa siku, kila simu dakika 5, jumla dakika 1,600. Watu 6 waliokaa kwenye viti kwa masaa 8 wana dakika 2,880, kwa hiyo wako bize asilimia 56 tu. Hesabu yenyewe haina kosa, ila inachukulia kwamba wateja wanapiga sawasawa siku nzima, na hilo halijawahi kutokea hapa. Saa 2 hadi 3 asubuhi zinaingia simu 41, saa 3 hadi 4 zinapanda mpaka 72, saa inayofuata 64, halafu 44, mchana zinashuka mpaka 27 na 24, saa 8 hadi 9 zinafika 29 na saa ya mwisho 19. Mteja aliyekwama kwenye foleni saa 3 na nusu hawezi kuhudumiwa na mtu ambaye atakuwa huru saa 9 alasiri.

Hizo 72 nimezisafisha, kwenye mtambo zinasoma 91 lakini namba ileile ikipiga tena ndani ya dakika 10 baada ya kukata nimeihesabu mara moja, maana bila hivyo tungekuwa tunaomba watu wa kuhudumia hasira badala ya shida. Zile dakika 5 nazo ni kuongea dakika 3 na sekunde 40, kisha sekunde 80 za kuandika baada ya simu.

```
72 x 5 / 60 = 6
```

Maana yake saa 3 kuna kazi ya watu 6 kamili wasiopumua hata sekunde, na sisi tuna 6. Hapo foleni haiishi, inarefuka tu mpaka watu wakate wenyewe. Nimetumia fomula ya foleni ya Erlang, yule mtaalamu wa hesabu Mdenmark wa kampuni ya simu ya Copenhagen aliyeitoa mwaka 1917, mpaka leo ndiyo inayotumika. Lengo letu ni asilimia 80 ya simu zipokelewe ndani ya sekunde 20. Tukiwa 7 tunapata asilimia 43 na mteja anasubiri wastani wa dakika 3, tukiwa 8 asilimia 69, tukiwa 9 tunafika 84 na kusubiri kunashuka mpaka kama sekunde 20. Angalia mtu wa saba, wa nane na wa tisa wanavyobadilisha mambo. Fomula inachukulia hakuna anayekata simu, kwa hiyo kusubiri kwa kweli kunaweza kuwa kufupi kidogo, ila sitaki tupange kwa kutegemea wateja wakate tamaa.

Sasa 9 ni viti, sio ajira. Likizo, ugonjwa, chai na mafunzo vinakula robo ya muda, ndio maana tuko 8 kwenye listi na 6 kwenye viti. Ukigawa 9 kwa 0.75 unapata 12, yaani kuajiri 4. Mimi siombi 4. Kilele ni masaa mawili, na mchana watu 5 wanatosha kabisa.

Naomba watu 2 tu, tuwe 10, halafu Jumatatu za bili asubuhi kusiwe na likizo wala mafunzo na chai isogezwe mpaka baada ya saa 5. Hapo anayekosekana ni mgonjwa tu, tukiweka asilimia 10 tunabaki 9 kwenye viti.

Jambo la pili halihitaji hela ya mshahara. Zile sekunde 80 zinatokana na kuandika malalamiko mara mbili, kwenye sistimu na tena kwenye ekseli ya mafundi, nimekaa pembeni ya mabinti nikawaona wananakili namba ya mita kwa mkono huku simu inaita. Watu wa TEHAMA wakiunganisha hivyo viwili tukashuka mpaka sekunde 20, simu inakuwa dakika 4, kazi ya saa 3 inakuwa ya watu 4.8, na viti 8 vinatupa asilimia 89. Hapo ajira mpya inaweza kuwa moja.

Nipe jibu la TEHAMA kwanza bosi, ndilo linaamua kama kwenye bajeti tunaandika 1 au 2. Rosta ya chai nimeshaipanga, ukikubali inaanza bili zijazo.