Yah: Dai la fidia ya ugonjwa utokanao na kazi (silikosisi) – historia ya kukaa kwenye vumbi, Machi 2001 hadi Novemba 2019

Mkurugenzi Mkuu,
Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

3 Machi 2025

Tunawasilisha dai hili kwa niaba ya mwanachama wetu, mwanamume wa miaka 47, ambaye hajawahi kuvuta sigara. Tarehe 14 Januari 2025 daktari bingwa wa kifua alithibitisha kuwa ana silikosisi. Fomu ya dai na hati ya utambulisho wake zimeambatishwa.

Alianza kazi Machi 2001 kwenye krasha ya kokoto Lugoba, akilisha mawe mdomoni mwa mashine saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hapakuwa na bomba la kunyunyizia maji. Aliondoka Agosti 2006. Kampuni ile imeshafungwa na kumbukumbu zake hazipatikani, kwa hiyo tunaambatisha taarifa ya michango ya NSSF pamoja na viapo vya watu wawili waliokuwa naye zamu moja.

Septemba 2006 hadi Juni 2015 alikuwa mchorongaji katika mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi mkoani Geita. Hapa ndipo alipovuta vumbi jingi zaidi, na tunaomba pasomwe kwa makini. Dhahabu ile imo kwenye mishipa ya kwatzi, na kwatzi ni silika fuwele. Kila zamu alitoboa mashimo ya baruti 40 hivi, kila moja likiwa na kina cha karibu mita 2. Drili ilikuwa na njia ya maji, lakini kila shimo lilianzishwa kavu, kwa sababu maji yakifunguliwa kabla patasi haijashika mwamba huruka usoni na patasi huteleza. Sentimita 20 za mwanzo, mara 40 kwa zamu, vumbi jeupe lilitoka likimpiga usoni hadi kope zikaganda. Pampu ilipoharibika, zamu nzima ilitobolewa kavu. Baada ya kulipua, waliingia kabla feni haijamaliza kusafisha hewa.

Maski aliyopewa ilikuwa ya kitambaa. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo kuliko mikroni 10, na kitambaa hakizizuii. Ripoti ya upimaji wa hewa wa mwaka 2012, ambayo mwajiri mwenyewe aliibandika ubaoni, inaonyesha wastani wa miligramu 0.18 za silika kwa mita moja ya ujazo katika zamu ya saa 8. Kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya NIOSH ya Marekani ni miligramu 0.05. Nakala imeambatishwa.

Julai 2015 hadi Novemba 2019 aliajiriwa na kampuni nyingine, katika chumba cha kusaga sampuli za mwamba. Mashine zilisafishwa kwa kupulizwa hewa ya kompresa, jambo linalorudisha unga wote hewani. Alipoacha kazi hakufanyiwa uchunguzi wa afya wa kuondoka. Tangu hapo amekuwa mlinzi wa geti, kazi isiyo na vumbi la mawe.

Jumla ni miaka 18 na miezi 9.

Mwajiri wa mwisho amejibu kwa barua kwamba mdai aliondoka akiwa mzima na kwamba tatizo lake ni kifua kikuu. Hoja zote mbili hazisimami. Silika iliyokwama kwenye mapafu haitoki, na makovu huendelea kukua hata vumbi likikoma, hivyo kuzidiwa baada ya kuacha kazi ndiyo desturi ya ugonjwa huu. Pili, mdai alipewa dozi kamili ya kifua kikuu mwaka 2018 na tena 2021, mara zote bila makohozi kuonyesha bakteria, na hakupata nafuu. Eksirei ya Januari 2025, iliyosomwa kwa utaratibu wa Shirika la Kazi Duniani, ni 2/2, vinundu vya aina ya q sehemu za juu za mapafu yote mawili, na tezi zenye ukingo wa chokaa kama ganda la yai. Kwa pumzi moja hupuliza lita 2.41, wakati mtu wa umri na kimo chake hutarajiwa kupuliza zaidi ya lita 4.

Hatuombi vumbi lote libebeshwe mwajiri mmoja. Ugonjwa huu umejengwa na kazi zote tatu, na hakuna kipimo kinachoweza kutenganisha vumbi la Lugoba na la Geita. Hata hivyo, michango ya Mfuko ilianza Julai 2015, mwezi uleule alioingia chumba cha sampuli, na aliendelea kuvuta silika miaka 4 na miezi 5 baada ya hapo.

Tunaomba tarehe ya ugonjwa ihesabiwe kuwa 14 Januari 2025, mdai apelekwe kutathminiwa kiwango cha ulemavu wa kudumu, na Mfuko ugharamie matibabu yake, pamoja na kupimwa kifua kikuu mara kwa mara, kwani silikosisi huongeza sana hatari ya kukipata. Hawezi kupanda ngazi ya ghorofa moja bila kupumzika. Tunaomba akiitwa kwenye tathmini apangiwe chumba cha chini.

Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi,
kwa idhini ya maandishi ya mdai.