VIAZI NYANDA ZA JUU: SOMA HAPA KWANZA, DAKIKA TATU TU

*Maelezo ya grupu*
Wakulima, wanunuzi na wenye magari ya viazi mviringo: Uyole, Isyonje, Kikondo, Makete, Njombe mpaka Iringa. Tunauza kwa KILO, sio kwa gunia. Admini haombi hela, hata siku moja. Kabla hujaposti soma ujumbe uliobandikwa juu, kuna swali moja ndani yake utatakiwa kulijibu.

*Ujumbe uliobandikwa*
Ugonile, kamwene, na wazee wetu shikamoni. Karibu sana. Umeletwa na mtu au umeingia kwa linki, yote sawa, ila usianze kuposti sasa hivi. Asilimia kubwa ya ugomvi humu ni mtu kaingia saa mbili, saa mbili na dakika tano kashaweka "viazi vipo njoo inboksi", watu wanauliza viko wapi, aina gani, bei gani, yeye kimya, kumbe yuko shambani na mtandao umekata. Wanunuzi wakichoka kuuliza wanaondoka, na wakiondoka hao basi tumebaki wakulima tunaangaliana.

Ukitaka kuuza andika hivi:

NAUZA. Viazi aina ya Asante, kilo 2,400. Isyonje, mzigo uko barabarani kwenye lami. Umechimbwa jana. 650 kwa kilo, maelewano yapo. Picha 2 hizo hapo.

Na mnunuzi vilevile, anza na NATAFUTA, sema aina, kilo ngapi, unataka lini na gari unaleta wewe au la. Hiyo 650 ni mfano jamani, msije mkasema admini kapanga bei. Sema pia kama mzigo uko shambani au barabarani, maana kipindi cha mvua kutoa viazi shambani kule Kikondo ni gharama nyingine kabisa na fuso halifiki kila mahali. Bei ikibadilika una dakika 15 tangu uposti za kurekebisha ujumbe wako, zikipita WhatsApp haikuruhusu tena, kwa hiyo ufute uweke mpya. Mzigo ukiisha andika IMEISHA chini ya posti yako. Watu wanapiga simu kutoka Dar kwa mzigo uliouzwa wiki iliyopita, sio uungwana.

Kwa nini kilo? Kwa sababu ya lumbesa. Ukisema gunia humu, mmoja anafikiria gunia la kilo 100, mwingine kashalivalisha kofia na kulishona juu limekuwa na kilo za kwake mwenyewe, halafu bei ni ileile na anayeumia ni mkulima. Lumbesa hairuhusiwi kisheria, kifungashio kisizidi kilo 100 na mzigo unapimwa kwenye mizani, Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo. Najua madalali wengine watanuna hapa, wanune tu. Dalali unakaribishwa ila jitambulishe kuwa ni dalali, usijifanye mwenye shamba.

HELA, hapa msome mara mbili. Grupu halishiki hela ya mtu. Hakuna ada, hakuna kiingilio, hakuna mchango wa admini. Akikufuata mtu inboksi ana picha yangu na jina langu anakwambia "tuma ya kushikia mzigo", huyo ni tapeli, hata kama anajua jina la mtoto wako. Usitume advansi kwa mtu ambaye hujaona mzigo wake, na kama uko mbali tuma ndugu au kijana wako akauone, au omba mpigiane video yule muuzaji akiwa amesimama juu ya viazi vyenyewe. Unapolipa kwa simu hakikisha jina linalotokea ndilo la uliyeongea naye, likija jina lingine simama hapohapo usibonyeze kukubali. Na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" iripoti kwenda 15040. Halafu siku moja ukiwa umetulia piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, unaweza kukuta namba usiyoijua. Wala usiweke humu picha ya kitambulisho chako au cha mwenzio, hata kama mnunuzi anakidai.

MAGONJWA. Hili ndilo linafanya wengi tukae humu kwa hiyo tulifanye vizuri. Usitupe picha ya jani moja ukaandika "msaada jamani". Piga jani juu, piga na chini yake, piga shina, halafu shamba zima kwa mbali. Sema aina, lina wiki ngapi, mvua ikoje huko, na umeshapiga dawa gani. Kama ni baka chelewa utaona mabaka meusi kama yameloa, na asubuhi chini ya jani pembeni ya baka kuna unga mweupe, hiyo picha ya asubuhi ndiyo tunaihitaji, ya saa saba mchana jua limeshakausha kila kitu. Kama mmea unanyauka ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka basi ni mnyauko bakteria. Huo hauna dawa ya kupuliza, asikudanganye mtu. Ng'oa mmea na udongo wake, na eneo hilo usirudishie viazi wala nyanya, bilinganya au pilipili hoho, vyote vinaugua ugonjwa huohuo. Na ukijua shamba lako lina mnyauko usiuze mbegu humu. Ukibainika unatoka na hurudi, hata kama wewe ni mjomba wangu.

Dawa: usimwandikie mtu kipimo kutoka kichwani. Piga picha ya lebo, ndiyo ina kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuchimba. Maswali ya mbegu bora wapo TARI hapahapa Uyole, tuwatumie jamani, tusishinde tunabishana.

Mengineyo haraka: siasa hapana, dini hapana, Simba na Yanga hapana (na Mbeya City pia, najua mnatafuta upenyo). Meseji yenye vimshale viwili vya kufowadiwa mara nyingi tunaifuta bila kusoma. Msiba wa mwanachama admini ataweka tangazo moja, michango inaenda kwenye grupu lake. Voisi isizidi dakika moja na andika chini yake inahusu nini, kuna watu wako kwenye fuso na kelele. Kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri tulale, isipokuwa gari limeharibika njiani na mzigo juu.

Ukikosea mara ya kwanza posti inafutwa na unaambiwa inboksi kwa upole. Ya pili unapumzika mwezi mmoja. Tapeli haonywi.

Sasa lile swali. Jitambulishe kwa mistari miwili: jina unaloitwa, uko wapi, unalima, unanunua au unasafirisha, halafu malizia kwa kutuambia kiazi unakipenda kikipikwaje. Chipsi, cha kuchemsha na chumvi, cha maharage, sema chochote. Aliyejitambulisha bila kutaja chakula tunajua hajafika hapa chini na posti zake za kuuza zitasubiri kwanza.

Ujumbe huu WhatsApp inaubandua baada ya siku 30, tunaubandika tena. Ukikuta haupo juu angalia maelezo ya grupu au muulize admini yeyote inboksi, tupo watatu, na usiku wa mnada mtuvumilie tunajibu kwa kuchelewa.