Ratiba ya mlo na mazoezi ya Baba Nasra, wiki nne za kwanza

Shikamoo Baba Nasra. Daftari lako la vipimo nimelipitia. Asubuhi unaamka na sukari ya 7 na pointi kidogo, hapo sina wasiwasi. Tabu iko saa kumi alasiri, sukari inaposhuka hadi 3.7, na saa nne usiku inapopanda hadi 15. Unameza glibenklamidi na chai kavu, wateja wa Kariakoo wanakushika mpaka saa tisa hujala, kisha ukifika Kimara unalipiza kwa sinia la wali. Kwa hiyo kazi kubwa ya ratiba hii ni kuhamisha chakula kutoka usiku kukileta mchana. Dozi alizokuandikia daktari sijazigusa.

Saa 12:30 asubuhi, kabla ya kutoka
Pima kwanza, uandike. Kisha mhogo wa kuchemsha au kiazi kitamu ukubwa wa ngumi yako, mayai mawili au bakuli dogo la maharage, na chai isiyo na sukari. Asali nayo ni sukari, usinichenge. Vidonge vyote viwili vimeze na chakula. Siku usiyokula asubuhi, glibenklamidi usiiguse, maana hiyo hushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Hili daktari wako amelikubali.

Saa 4:00
Kiganja cha karanga au chungwa moja. Basi.

Saa 7:00 mchana
Huu ndio mlo usioahirishwa. Ukitoka kuswali adhuhuri, mwachie kijana kaunta ukale. Mama ntilie mwambie ugali nusu, mboga za majani mara mbili, samaki au maharage. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kachumbari, robo ugali, robo kitoweo. Juisi ya miwa na soda ziache, kunywa maji.

Ukimaliza kula usikae. Tembea dakika 15 kuzunguka mitaa ya jirani na duka, siku zote sita za kazi. Sukari ya mlo inaingia kwenye damu wakati huo, na misuli inayofanya kazi huivuta. Mara mbili kwa wiki pima saa mbili baada ya kuanza kula. Tunataka isizidi 10.

Saa 10:00 alasiri
Pima kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Ikiwa chini ya 5.5, kula ndizi mbivu moja kabla ya kutembea. Ikiwa chini ya 4, fuata maelezo ya "Ikishuka" hapo chini, na siku hiyo hakuna zoezi.

Jioni
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi shuka mwendokasi Korogwe, umalizie njia kwa miguu. Tembea kwa jumla dakika 30, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Vilima vya Kimara vitakutoa jasho vya kutosha. Vaa viatu vya kufunga na soksi, si kandambili, na usiku kagua nyayo kama kuna malengelenge.

Jumanne na Alhamisi fanya mazoezi ya nguvu nyumbani: kuinuka kwenye kiti bila kushika, kusukuma ukuta, kunyanyua madumu mawili ya maji ya lita 5. Kila moja mara 10, raundi tatu, bila kubana pumzi. Jumapili pumzika.

Saa 1:30 usiku
Chakula cha usiku, si saa nne. Wali ngumi moja, mboga tele, dagaa au choroko. Mama Nasra akupakulie sahani yako peke yako. Kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Baada ya hapo zunguka uani dakika 10. Ukialikwa harusini kula pilau, ila anza na kachumbari na nyama, na wali uwe ule ule wa ngumi moja.

Ikishuka
Jasho la baridi, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Pima baada ya dakika 15. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, kula chakula, kwani glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kuishusha tena. Weka sukari kwenye droo ya duka na umwonyeshe kijana ilipo. Ukizimia asikutie kitu mdomoni, akukimbize hospitali.

Ikizidi 15 nawe una kiu kali, unakojoa mno au unajisikia vibaya, acha mazoezi, kunywa maji uje kliniki siku hiyo hiyo.

Njoo na daftari baada ya wiki mbili. Ukipata chini ya 4 mara mbili katika wiki moja usisubiri tarehe. Inawezekana kidonge ndicho kinachotakiwa kupunguzwa, na huo ni uamuzi wa daktari.