Dakika Saba

Twalib alibonyeza W. Askari wake akasimama palepale. A, S, D: wapi! Kipanya kilikuwa kizima na bunduki iligeuka kila alikotaka, ila miguu ilikataa, na mechi ya Langoni na Mkomani ilibakisha dakika saba kuanza.

"Ami Kassim, kibodi imekufa!"

Ami akachomoa kibodi nyingine kaunta, akaichomeka. Mambo yaleyale.

"Saa kumi ikifika tunaanza," Shee wa Mkomani alisema kutoka safu ya mbele. "Mkiwa wanne, mtacheza wanne."

Kuizima na kuiwasha ile kompyuta kongwe ni kazi ya dakika kumi, kila mteja wa saiba ile alijua. Twalib akajizuia. Kibodi mbili haziugui ugonjwa mmoja; basi ugonjwa u ndani. Akafungua Notepad, akagonga herufi upesiupesi. Ukurasa mweupe. Kwa hasira akaikandamiza A, asiiachilie. Baada ya kitambo, a ikatokea.

Kumbe inasikia, ila haitaki kuguswa na kuachwa.

"Ami, nani alikaa hapa kabla yangu?"

"Mzee Athman. Yupo mlangoni, angojea barua yake itoke kwenye printa."

Twalib akamkimbilia. "Shikamoo, Babu. Ulipokuwa ukiandika, kulitokea kitu?"

"Marahaba. Mimi huandika herufi kubwa tupu, mjukuu wangu. Nimeweka kidole kwenye Shift ya kulia huku natafuta herufi, mara ikalia, yakaja maneno ya Kizungu. Nikabonyeza Enter, yakaondoka." Akainua mkono wake uliokuwa ukitetemeka. "Tena tangu hapo nimeandika vizuri. Siku zote herufi moja hunitokea mara tatu. Leo, moja moja."

Twalib akarudi mbio. Pembeni mwa skrini, chini kulia, palikuwa na kialama cha saa ndogo. Akakisogelea kwa kipanya: Filter Keys. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane na kukubali, kompyuta hupuuza mguso mfupi na herufi inayojirudia. Imetengenezwa kwa mikono kama ya Mzee Athman. Kwa mchezaji anayegusagusa W ni pingu.

"Dakika moja!" Shee akapaza sauti.

Akashikilia Shift ya kulia, akihesabu kwa midomo. Sita. Saba. Nane. Ikalia, kile kialama kikatoweka. Akarudi mchezoni, akagusa W, na askari akaruka mbele hadi akajigonga ukutani. Wenzake wakapiga kelele.

"Babu!" Twalib aliita bila kuondoa macho kwenye skrini. "Usiende. Mechi ikiisha nitakuonyesha namna ya kuiwasha hiyo Filter Keys mwenyewe."

"Nitangoja," alijibu mzee, akavuta kiti nyuma yake. "Nyinyi ndio Langoni?"

"Ndio sisi."

"Basi wapigeni."

Saa kumi ikafika.