Kwa wanagenzi wa karakana: jinsi ya kufungua nati iliyogoma

Morogoro, 6 Juni 2025

Vijana wangu,

Jumatatu tunaanza kufungua ile chesisi ya lori iliyolala nje masika yote. Nati zake zimeshika kutu, na nawajua wanaotamani kukimbilia bomba refu siku hiyo. Hakuna atakayegusa bomba kabla ya kupita hatua hizi, iwe ni nati ya springi au ya ekzosi.

Kwanza vaa miwani, kwa sababu kutu inayoruka huingia jichoni. Chombo kikiwa juu, kikae kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi. Nati za gurudumu zilegezwe tairi likiwa bado chini.

Sugua nyuzi zilizo wazi kwa brashi ya waya, kisha uhakikishe nati inafungukia upande gani. Nyingi hufungukia kushoto, lakini nati ya upande wa kushoto wa mashine ya kunolea, na za magurudumu ya kushoto ya baadhi ya malori ya zamani, hufungukia kulia. Ukikosea hapo, unakaza huku ukijisifu.

Tia mafuta ya kulegeza kutu, uyaache yapenye. Ikiwezekana tia jioni, urudi asubuhi. Gonga ubavu wa nati kwa nyundo huku nyundo nzito ikiegemea upande wa pili. Mtikisiko huo huvunja kutu na kuyafungulia mafuta njia.

Sasa shika spana ya ringi au soketi ya pembe sita inayoenea sawasawa. Ile mnayoiita spana malaya iacheni kabatini, maana hula kona za nati. Vuta kuelekea kwako ukiwa umesimama imara. Ukilazimika kusukuma, tumia kiganja kilicho wazi ili spana ikichomoka vidole visigonge chuma. Ikigoma, kaza kidogo, legeza kidogo, tia mafuta tena. Bomba liingie hapa, kwenye mpini imara, na uvutaji uwe wa polepole bila kushtua.

Moto wa gesi ni kwa ruhusa yangu tu. Pangusa mafuta yote kwanza. Pasha nati yenyewe, si bolti, ili itanuke izidi bolti. Usiwashe karibu na tangi, mipira ya breki, betri wala shokabzoba. Nati ya gurudumu lenye tairi haipashwi kabisa, hata upepo ukiwa umetolewa: joto huozesha mpira kwa ndani, hutoa gesi, na tairi linaweza kulipuka na kuua. Chuma chenye zinki nacho hapana, moshi wake ni sumu.

Yote yakishindikana, pasua nati kwa tindo au ikate kwa msumeno. Bolti na nati ni bei nafuu kuliko kidole. Zote mbili zitupwe. Mpya zipakwe grizi kidogo zikiwa za springi, si za gurudumu.

Njooni na ovaroli zilizofungwa mikono na viatu vigumu. Anayekuja na kandambili atafagia karakana.

Mwalimu wenu wa karakana