Bei mpya ya dagaa kuanzia 1 Februari 2025: barua kwa wateja wetu

Kibirizi, Kigoma
Jumatatu, 6 Januari 2025

Wapendwa wateja wetu,

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Heri ya mwaka mpya kwenu nyote na familia zenu.

Nianze na jambo lenyewe, kwa kuwa najua wengi mnasoma ujumbe huu mkiwa dukani au njiani. Kuanzia Jumamosi, 1 Februari 2025, dagaa wetu wa daraja la kwanza watauzwa shilingi 30,000 kwa kilo. Bei ya sasa ni 26,000, na imedumu tangu Machi 2023. Daraja la pili, yaani wale waliokatikakatika wakati wa kuchambua, wanatoka 19,000 kwenda 21,500. Migebuka wa moshi wanabaki 15,000 kwa kilo, na mawese yanabaki 5,000 kwa lita, kwa sababu gharama zake hazijanibana kiasi cha kuwagusa ninyi.

Shilingi elfu nne kwa kilo si pesa ndogo. Yupo kati yenu anayenunua kilo mbili za kuwalisha watoto mwezi mzima, na wapo kina mama wa Tabora na Dodoma wanaochukua kilo ishirini na kuziuza kwa vipimo vidogo vidogo, ambako hata mia mbili ikiongezeka mnunuzi anahesabu mara mbili. Kwa hiyo nina deni la kuwaeleza kila shilingi ya hizo elfu nne inakwenda wapi.

Sehemu kubwa, shilingi 2,800, inaishia mwaloni. Dagaa akikauka anapoteza uzito mwingi: kilo nne mbichi, kwa makadirio ya kila siku, zinatoa kilo moja kavu. Tulipopanga bei ya 26,000, kilo mbichi tulikuwa tukiipata kwa wastani wa 3,700. Sasa wastani wetu ni 4,400. Mia saba hiyo, ukiizidisha mara nne, ndiyo 2,800. Wengi mnanunua kavu tu na hamjapata kuona beseni la dagaa wabichi likisinyaa juani, kwa hiyo ongezeko dogo la mwaloni linaweza kuonekana kubwa mno likifika kwenu. Linakuzwa na jua, siyo na mimi.

Kwa nini mbichi wamepanda? Wapo walioniuliza swali zuri: ziwa lilifungwa mwaka jana ili samaki wazaliane, mbona bei haijashuka? Ni kweli, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Miezi ile mitatu ilikuwa migumu hapa. Vijana wa mitumbwi walirudi kwenye vibarua vya mashamba, na sisi tuliuza akiba mpaka ikaisha, mnakumbuka. Hata hivyo nasema bila kusita kwamba niliunga mkono kufungwa kule na ninaunga mkono mpaka leo. Nimekulia ufukweni huku, nawajua wazee wanaoeleza dagaa walivyokuwa wakijaa, na sitaki watoto wangu waje kuuza hadithi.

Lakini ziwa kupumzika ni jambo moja, na bei ya mnada ni jambo jingine. Baada ya Agosti dagaa walipatikana, na wanunuzi nao wakaja kwa wingi: wa Dar es Salaam, wa Burundi, wa Kongo, wote wanasimama mwaloni alfajiri ileile mtumbwi unapofika. Aliyebeba pesa nyingi ndiye anayeondoka na beseni. Juu ya hapo, mvuvi naye ana gharama zake. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu, na mtumbwi unaosaka mbali unakunywa petroli usiku kucha. Kigoma tuko mwisho wa nchi, mbali na bandari ya Dar es Salaam, na lita ya mafuta huku huwa juu kuliko ya huko pwani kwa sababu ya safari hiyo. Mvuvi akinitajia bei, mara nyingi nikihesabu naye naona hanionei.

Shilingi 400 inayofuata ni ujira, na hii ni hiari yangu mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Kina mama wanaoanika, kugeuza na kuchambua walikuwa wakilipwa 7,000 kwa siku. Tangu mwezi uliopita wanalipwa 10,000. Wanafika mwaloni kabla jua halijachomoza na wanainama mpaka mchana, wanatoa takataka, vidagaa vilivyopasuka na kila kitu ambacho hamtaki kukikuta kwenye sufuria zenu. Usafi mnaousifia, wenyewe ndio hao. Bei ya unga na mchele imewapandia kama ilivyowapandia ninyi, na nisingeweza kuendelea kuwatazama usoni kwa ile elfu saba. Nimeona ni haki mjue kwamba sehemu hii ya ongezeko imetokana na uamuzi, ili asiyekubaliana nao aniambie.

Shilingi 450 ni ya vichanja. Mwaka jana tuliacha kabisa kuanika mchangani. Mnafahamu kero yake: unaosha dagaa maji matatu, manne, na bado jino linakutana na changarawe. Kwenye kichanja dagaa wanakaa juu ya wavu, hewa inapita chini na juu, wanakauka sawasawa, wala kuku na mbwa hawawafikii. Lakini mbao zinaliwa na mchwa, wavu unachanika, na msimu huu wa mvua lazima turubai ziwe karibu, maana mvua ya Kigoma haipigi hodi. Dagaa walionyeshewa mara mbili wanageuka rangi na kuvunda, na hao hatuwauzi kwenu. Wanakwenda kwa wafugaji wa kuku kwa bei ya hasara. Vichanja vinahitaji matengenezo kila msimu, na nimekataa kurudi mchangani ili kuokoa mia nne na hamsini.

Inayobaki, shilingi 350, ni mifuko ya ndani, maboksi, na bajaji ya kupeleka mizigo stendi. Nauli ya basi ya kifurushi mnalipa wenyewe kama kawaida, na hiyo siipangi mimi. Ushuru wa mwaloni haujabadilika kwetu, kwa hiyo sikuuweka kwenye hesabu. Faida yangu kwa kilo inabaki pale pale ilipokuwa.

Nataka pia mjue ambacho sikufanya, kwa kuwa wengine wenu mmewahi kuuziwa hivyo kwingineko. Sikupunguza uzito: kilo yetu ni gramu 1,000, na mzani uko wazi kwa yeyote anayepita Kibirizi. Sikuacha dagaa na unyevu ili wawe wazito kwenye mzani, maana dagaa mwenye maji anaota ukungu kabla hajamaliza wiki mbili kabatini. Na sikuchanganya dagaa wa Ziwa Victoria ndani ya mfuko wa Kigoma. Dagaa wa Victoria ni chakula kizuri na bei yake ni nafuu, sina neno nao. Ila anayelipa bei ya Kigoma ana haki ya kupata wa Kigoma. Njia hizo tatu zingeniwezesha kubaki na 26,000 kwenye karatasi, na mngegundua mezani.

Sasa niseme tunavyoweza kusaidiana.

Agizo lolote litakalolipwa mpaka saa 12 jioni ya Ijumaa, 31 Januari, litahesabiwa kwa bei ya zamani, hata kama mzigo utasafiri Februari. Kwa kaya ni mpaka kilo 10, kwa wenye maduka mpaka kilo 40. Nimeweka kikomo ili wachache wasimalize akiba na wengine wakose. Tafadhali zingatieni mwezi: utakuwa mpevu usiku wa 13 Januari, na siku za mbalamwezi mitumbwi mingi haitoki kwa sababu taa hazivuti dagaa. Anayetaka mzigo wa haraka aagize wiki hii, kabla ya tarehe 10. Wengine mtapata vizuri zaidi baada ya tarehe 20. Wanaojiandaa kwa Ramadhani, inayotarajiwa mwanzoni mwa Machi, na kwa Kwaresma itakayoanza 5 Machi, msisubiri Februari iishe, kwa sababu kipindi hicho kila mtu huulizia dagaa kwa wakati mmoja.

Wenye maduka mnaochukua kilo 20 na kuendelea kwa mara moja, bei yenu mpya itakuwa 28,000. Utaratibu wa kulipa nusu mzigo ukitoka na nusu baada ya wiki mbili unaendelea kwa wote ambao tayari wapo ndani yake. Na kwa ambao kilo nzima sasa itakuwa nzito, tumeanza kufunga robo kilo kwa 7,500, dagaa walewale wa daraja la kwanza. Sikuongeza chochote juu ya robo, ni 30,000 gawa kwa nne.

Mtaniuliza kama itapanda tena. Siwezi kuahidi kwa niaba ya ziwa wala ya petroli. Ninachoahidi ni kwamba hamtashtukizwa: badiliko lolote litatangazwa angalau wiki tatu kabla, pamoja na hesabu kama hii. Na upande wa pili, ikitokea wastani wa mbichi ukashuka chini ya 4,000 kwa miezi miwili mfululizo, nitashusha bei bila kusubiri mtu anikumbushe. Anayetaka kufuatilia, bei ya mnada ya Kibirizi nitaiweka kwenye hali ya WhatsApp kila Jumatatu.

Kama bei hii imekuzidi, niambie bila haya. Wapo wateja ambao daraja la pili litawafaa kabisa, hasa wanaosaga unga wa dagaa kwa uji wa watoto, kwa sababu kuvunjika hakupunguzi ubora wake. Na kama utaamua kununua kwingine kwa muda, hakuna kinyongo. Siku ukirudi, jina lako litakuwa bado kwenye daftari.

Maagizo ni kwa namba ile ile mnayotumia siku zote, kwa ujumbe au kwa kupiga baada ya saa 4 asubuhi, tukishatoka mwaloni. Andika jina, kiasi, mji na kampuni ya basi unayoipendelea. Risiti ya mzigo nitakutumia picha siku hiyo hiyo mara boksi linapopokelewa stendi.

Asanteni sana kwa kuniamini kwa kipindi chote hiki, na kwa wale mliowaleta ndugu na majirani wakawa wateja.

Wenu,
Mama Zuhura
pamoja na kina mama wa kuanika na vijana wa kufunga mizigo
Kibirizi, Kigoma