YAH: Ombi la kubadili ratiba ya tasnifu: vichanja na mchanga katika ukaushaji wa dagaa

Mwanza, 3 Juni 2026

Shikamoo Dokta,

Natumaini umerejea salama kutoka Morogoro. Uliniambia nikishajua hali halisi ya mialoni nikuandikie kwa urefu, nisikupigie simu juu juu. Sasa ninaijua, na nina ombi moja kubwa: naomba msimu wa mvua wa utafiti wangu uhame kutoka masika iliyopita kwenda vuli ijayo, na tarehe ya kuwasilisha tasnifu isogee kutoka Novemba 2026 hadi mwisho wa Aprili 2027.

Barua ya kuniruhusu kuingia mialoni tuliitegemea mwanzoni mwa Machi. Ilitoka wiki ya mwisho ya Aprili. Kwa utafiti mwingine hilo lingekuwa pengo la wiki kadhaa, lakini wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa haivuti dagaa vizuri mwezi ukiwa unaangaza. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 1 Mei, kwa hiyo barua nilikuwa nayo mkononi na mitumbwi imepumzishwa ufukweni. Giza la Mei lilipoanza nilifanya kazi Igombe na Kayenze. Kome sikufika, kwa sababu ruhusa ya upande wa Buchosa ilikuja giza likiwa linaisha. Na kufikia hapo mvua zilikuwa zimeshapungua, siku nyingi jua lilikuwa kali tangu saa nne asubuhi. Masika ya mwaka huu, kwa maana ya mvua tuliyoitaka, imenipita.

Nimefikiria njia mbili za kubaki na Novemba, na zote mbili nakuomba tuziache.

Ya kwanza ni kuwahoji wachakataji kuhusu hasara waliyopata Machi na Aprili. Nilijaribu kuuliza swali hilo Igombe katika mazungumzo ya kawaida. Mama mmoja alikumbuka vizuri sana siku ambayo mvua ilimkuta ameanika mzigo wote na hakuokoa kitu. Nilipomuuliza siku za kawaida, zile ambazo wingu linakaa hadi mchana na dagaa wanalala nje bila kukauka, akasema "hizo ni nyingi, nani anazihesabu?" Hasara ninayoitafuta imekaa humo, kwenye siku zisizohesabiwa. Kumbukumbu zitanipa majanga, hazitanipa wastani, na sura nzima ya matokeo itasimama juu ya majanga.

Ya pili ni kuacha mvua kabisa na kulinganisha mchanga na kichanja wakati wa kiangazi peke yake. Takwimu zingekuwa safi na ningemaliza kwa wakati. Ila Julai jua likiwaka, dagaa hukauka popote unapowaanika, na tofauti itakayobaki ni ya mchanga kwenye chakula. Hilo wachakataji wanalijua tangu zamani bila tasnifu yangu. Wanachotaka kujua ni kama gharama ya mbao na wavu wa kichanja inarudi katika miezi ya mvua. Waliniruhusu kupima mizigo yao kwa ajili ya jibu hilo, na ningeona vibaya kurudi kwao bila jibu hilo.

Giza la Mei halikupotea bure. Limenionyesha kwamba mizani peke yake haitoshi. Dagaa walionyeshewa mara nyingi hawatupwi. Huanikwa tena, wakageuka rangi na kuanza kunuka, kisha wakauzwa kama chakula cha kuku kwa bei ya chini sana kuliko ya dagaa wa kuliwa. Ukipima kilo utaona karibu hakuna hasara, wakati mwenye mzigo amepoteza sehemu kubwa ya fedha yake. Kwa hiyo kila fungu sasa nalifuata hadi linapouzwa, pale mwaloni au soko la Mwaloni Kirumba: nani kanunua, kwa matumizi gani, kwa bei gani. Safu ya "hatima ya fungu" nimeshaiongeza kwenye fomu, na nakutumia pamoja na barua hii. Naamini hiki ndicho kitakuwa kiini cha tasnifu, kuliko hata unyevu wa maabara.

Kutokana na hilo napendekeza jambo moja la uchambuzi ambalo hatukuwa nalo katika pendekezo. Badala ya kuliandikia kila fungu "masika" au "kiangazi" kwa kufuata kalenda, niweke kipima mvua katika kila mwalo na kuandika milimita za kila siku fungu linapokuwa nje, pamoja na saa za jua. Vuli huweza kuchelewa, na kiangazi huweza kupata mvua ya ghafla kutoka ziwani. Tukichambua kwa mvua iliyonyesha kweli juu ya dagaa wale, hatutategemea jina la msimu. Na mafungu ya Mei, ambayo nilianza kudhani yatabaki majaribio tu, yataweza kuingia: siku zile nilikuwa nikiandika mvua na mawingu kwa mkono kila asubuhi na jioni. Ila Mei sina milimita, nina maelezo tu, kwa hiyo uamuzi wa kuyaingiza nakuachia wewe.

Mpangilio wenyewe haubadiliki. Dagaa wa mtumbwi mmoja wanagawanywa mara mbili, nusu mchangani na nusu kichanjani, jozi 8 kwa kila mwalo kwa kila giza. Mialo 3 na giza 3 zinatupa jozi 72 kwa kila msimu, kama ulivyoidhinisha. Sampuli za unyevu nitaendelea kuzikausha kwenye oveni kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike.

Ratiba nimeipanga kwa mwezi wa angani, kwa sababu ndiyo kalenda wanayoifuata watu ninaofanya nao kazi. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, nami hukaa mezani kuandika.

Kiangazi:
Giza la Juni (mwezi mwandamo 15 Juni): Igombe, Kayenze, Kome.
Mbalamwezi ya mwisho wa Juni: nakuletea sura ya 1 na ya 2 zilizorekebishwa, Ijumaa 3 Julai.
Giza la Julai (14 Julai): mialo yote mitatu.
Mbalamwezi ya mwisho wa Julai: sura ya 3, pamoja na maelezo ya vipima mvua, Ijumaa 31 Julai.
Giza la Agosti (12 Agosti): mialo yote mitatu.
Giza la Septemba (11 Septemba): akiba. Miezi hii upepo wa kusi huchafua ziwa, na usiku mwingine mitumbwi haitoki kabisa. Nikishakamilisha jozi zangu, Septemba nzima ni ya maabara na rasimu ya matokeo ya kiangazi, ambayo nitakuletea tarehe 30 Septemba.

Vuli:
Giza la Oktoba (10 Oktoba), la Novemba (9 Novemba) na la Desemba (9 Desemba): mialo yote mitatu.

Kuandika:
Rasimu ya sura ya matokeo yote, Ijumaa 15 Januari 2027.
Tasnifu nzima mezani kwako, Ijumaa 26 Februari 2027.
Marekebisho yako Machi, na kuwasilisha mwisho wa Aprili.

Sehemu dhaifu ya ratiba hii ni vuli, kwa kuwa haina giza la akiba. Januari mvua kwa kawaida hupungua huku kwetu, kwa hiyo kusogea mbele hakutasaidia. Giza moja likiharibika nitabaki na jozi 48 za msimu wa mvua. Kwa maoni yangu hizo bado zinatosha kulinganisha mchanga na kichanja kwa ujumla, ila hazitatosha kusema kwa uhakika jinsi mwalo mmoja unavyotofautiana na mwingine. Ikitokea hivyo, napendekeza tuliache swali la mialo na tusirefushe muda tena. Naomba tukubaliane hili sasa, kabla ya Oktoba, ili nisije nikakuomba tena nikiwa nimeshachoka na wewe una haraka.

Kuhusu Kome, najua ulishauri niiondoe ili kupunguza gharama. Nakuomba tuibakize. Igombe na Kayenze ziko Ilemela, karibu na soko. Mchakataji wa Kayenze akiona wingu anaweza kuuza dagaa wabichi siku hiyo hiyo mjini, wa kisiwani hana njia hiyo. Tukiiondoa Kome tutapima hasara ya watu wenye pa kukimbilia. Safari nayo imekuwa nyepesi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025: hatusubiri tena kivuko pale, tunapita moja kwa moja hadi Sengerema, kivuko kinabaki kimoja tu cha Nyakaliro kwenda kisiwani.

Fedha: zimebaki shilingi 1,850,000. Zinatosha kiangazi chote na giza la Oktoba, kwa kuwa wasaidizi wangu wa mialoni wamekubali kulipwa kwa siku za kupima tu. Novemba na Desemba zinapungukiwa kama shilingi 700,000. Kaka yangu wa Geita ameahidi kunisaidia nusu. Nusu nyingine naomba ushauri wako kama idara ina fungu dogo ninaloweza kuliombea.

Ninachohitaji kutoka kwako ni hiki. Kwanza, kauli yako juu ya kuhamia vuli na juu ya uchambuzi kwa milimita, ikiwezekana kabla ya Juni kwisha. Kazi ya kiangazi imo katika mpango ulioidhinishwa, kwa hiyo nitaianza mitumbwi ikirudi ziwani wikiendi hii. Pili, ukikubali, sahihi yako kwenye fomu ya kuongezewa muhula mmoja. Nimeijaza na kuiambatisha, imebaki sehemu ya msimamizi. Tatu, neno lako kwa mkuu wa maabara, maana nafasi yangu ya oveni inaisha Agosti na nitaihitaji tena kuanzia Septemba.

Kama unaona kuna njia fupi ambayo sijaiona, nitaisikiliza. Ila nakuomba isiwe ile ya kuondoa mvua.

Wiki hii nipo mjini hadi Ijumaa jioni, ninaweza kuja ofisini saa yoyote utakayonipangia. Kuanzia Jumamosi nitakuwa Kayenze; simu inapatikana mchana, usiku huwa tupo ufukweni na mtandao unasumbua. Ujumbe mfupi hufika.

Mwanafunzi wako,
Nyamizi

Viambatisho: fomu ya kuongezewa muda, fomu mpya ya kukusanya takwimu, muhtasari wa mafungu ya Mei, Igombe na Kayenze.